Viungo vizima na vya unga: kipi kiingie sufuriani, na lini

Tia punje za bizari nyembamba kwenye mafuta ya moto, kisha tia unga wa bizari hiyohiyo kwenye mafuta ya moto uleule. Punje zitatokota na kubadilika rangi taratibu, na utakuwa na nusu dakika au zaidi kidogo ya kuamua hatua inayofuata. Unga utakuwa umeungua kabla hujakamata mwiko vizuri. Sehemu kubwa ya makosa ya viungo jikoni inaanzia hapo: mtu anajua kiungo gani kinaingia kwenye chakula, anajua hata kipimo, lakini anakiingiza kwa umbo lisilofaa au kwa wakati usio wake.

Mwongozo huu unatumia pilau ya nyama ya Pwani kama mfano mkuu, kwa sababu ndani ya sufuria moja ya pilau utakuta viungo vizima, vya kuponda na vya unga, na kila kimoja kina zamu yake. Baada ya hapo tutaangalia mchuzi, ambao mpangilio wake ni tofauti, kisha chai na mahamri.

Kinachobadilika ukisaga

Harufu ya kiungo imo kwenye mafuta yake mepesi, yaliyofungiwa ndani ya punje, gome au kikonyo. Kiungo kikiwa kizima, mafuta hayo hutoka kidogokidogo kadiri joto linavyopenya. Kijiti cha mdalasini kinaweza kukaa saa nzima kwenye supu na bado kikawa na cha kutoa. Ukikisaga, umevunja kuta zote kwa pamoja, na harufu inatoka yote kwa mkupuo. Jiko likinukia sana wakati unasaga iliki, jua hiyo ni harufu ambayo haitaingia tena kwenye chakula.

Kwa hiyo kiungo kizima kinahitaji muda, na cha unga hakivumilii muda. Kizima kiwekwe mapema kwenye chakula kinachopikwa polepole, au kikaangwe kwenye mafuta mwanzoni. Cha unga kiingie katikati, kukiwa na majimaji ya kukilinda, au mwishoni kabisa kama kinachotafutwa ni harufu tu.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu huigundua chakula kikishaharibika. Kiungo kizima unaweza kukitoa. Ukizidisha karafuu nzima kwenye supu na ukaonja mapema, unaziokota na kichujio, mambo yanakwenda. Karafuu ya unga ikishazidi imezidi, hakuna cha kuokota. Unga pia unabaki ndani ya chakula: unatia rangi, unazidisha uzito wa mchuzi, na kwenye wali unaganda juu ya punje za mchele. Mdalasini wa unga una tabia yake peke yake, ukichemka kwenye maji mengi unatoa ute. Kwenye mchuzi mzito hutauona, lakini kwenye chai utauona vizuri sana.

Mafuta na maji

Kabla ya kuingia kwenye pilau, kuna jambo moja la joto la kuelewa. Chakula chenye maji hakivuki nyuzi 100 za joto kwa urahisi, kwa sababu joto linaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Mafuta matupu hayana kizuizi hicho, yanafika nyuzi 180 na kupita bila hata kutoa moshi. Ndiyo sababu vitunguu vibichi vikiwa kwenye mafuta, sufuria inakuwa pole: maji ya vitunguu yanalizuia joto. Vitunguu vikianza kukauka na kugeuka rangi, sauti ya kukaanga inapungua, na hapo joto linapanda ghafla. Sikiliza sauti hiyo. Ikiwa ya nguvu na yenye majimaji, kuna ulinzi. Ikitulia na kuwa kavu, ulinzi umekwisha, na kiungo chochote cha unga kitakachoingia hapo kitaungua.

Harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta vizuri kuliko kwenye maji. Rangi ya manjano ndivyo ilivyo pia: ukiitia kwenye maji matupu inaelea na kutua chini, ukiipitisha kwenye mafuta inasambaa chakula kizima. Kwa hiyo tunataka viungo vikutane na mafuta, ila kwa joto ambalo kila kimoja kinaliweza.

Pilau ya kilo moja, hatua kwa hatua

Vipimo hivi ni vya mchele kilo 1, ambao ni kama vikombe 5 vya mililita 250, na nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 1. Andaa pia vitunguu maji vikubwa 4, mafuta ya kupikia robo tatu ya kikombe, thomu iliyopondwa vijiko 2 vya chakula, tangawizi iliyopondwa vijiko 2 vya chakula, na viazi 6 ukipenda.

Viungo ni hivi: bizari nyembamba vijiko 2 vya chakula (Unguja wataiita uzile, na ukifika dukani sema ya pilau, usije ukafungiwa ya manjano), iliki punje 10, karafuu 10, vijiti 2 vya mdalasini vya urefu wa kidole, na pilipili manga kijiko 1 cha chai.

Bizari igawe mara mbili. Kijiko kimoja kibaki kizima, kingine kikaange kikavu kidogo kisha ukisage. Huku si kujisumbua bure. Punje nzima zinakupa ile ladha inayopasuka mdomoni ukizitafuna pamoja na wali, na unga ndio unaoingia kwenye supu na kufika kwenye kila punje ya mchele. Ukitumia nzima peke yake, pilau inanukia lakini wali wenyewe unakuwa hauna kitu. Ukitumia unga peke yake, ladha iko kila mahali ila imelala, na rangi inaelekea udongo.

Iliki zipasue kidogo kwa mchi, ganda lifunguke lakini punje za ndani zisimwagike. Iliki isiyopasuliwa inavimba kwenye mafuta na kutoka karibu kama ilivyoingia. Karafuu, mdalasini na pilipili manga ziache nzima.

Anza na nyama. Ichemshe kwa vikombe 10 vya maji, chumvi, nusu ya tangawizi, kijiti kimoja cha mdalasini na nusu ya pilipili manga. Hapa tumia vizima tu. Supu ya nyama hutoa povu unaloliengua, na unga wowote utakaotia mapema utanasa kwenye povu hilo na kumwagwa nalo. Nyama ya ng'ombe itataka saa moja hadi saa moja na nusu kwenye moto mdogo. Ikiiva, itenge na supu. Kijiti cha mdalasini kitoe, kimeshafanya kazi yake.

Sasa bandika sufuria ya pilau, tia mafuta, na yakipata moto tia vitunguu vilivyokatwa vyembamba. Hapa ndipo wapishi wengi wanapotofautiana: viungo vizima viingie kabla ya vitunguu au baada? Kwa mchuzi wa haraka, ambao vitunguu vyake vinalainika tu, kutanguliza viungo ni sawa. Kwa pilau haifai. Rangi ya pilau inatokana na vitunguu vilivyokaangwa hadi kahawia, na kazi hiyo inachukua dakika 15 au zaidi. Bizari iliyotangulia kwenye mafuta itakuwa nyeusi muda mrefu kabla vitunguu havijafika huko, na uchungu wake utaenea kwenye mafuta yote.

Kwa hiyo subiri. Vitunguu vikianza kuwa vya dhahabu pembeni, tia mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga iliyobaki. Hivi ni vinene na vinavumilia, na dakika tatu au nne wakati vitunguu vinamalizia kuiva zinavitosha. Utaona iliki zinavimba na ganda kupauka, na karafuu zinajaa kidogo. Harufu ya utamu, ya iliki na mdalasini, inatangulia.

Vitunguu vikifika rangi ya kahawia, hapo ndipo tia punje za bizari. Zikifika kwenye mafuta zitatokota mapovu madogo kuzizunguka. Koroga. Baada ya sekunde 20 au 30 rangi inasogea kutoka kijani cha udongo kwenda kahawia, na harufu inabadilika kutoka ya majani makavu kuwa kama ya karanga za kukaanga. Hiyo ndiyo alama, usingoje nyingine. Mara moja tia thomu na tangawizi iliyobaki.

Thomu na tangawizi vina kazi mbili hapa, na ya pili haitajwi mara nyingi. Ya kwanza ni ladha. Ya pili ni kwamba vimejaa maji, kwa hiyo vinashusha joto la mafuta papo hapo na kuiokoa bizari isiungue. Kama umevikausha sana au umetumia vya unga, nyunyiza vijiko viwili vya maji au supu badala yake. Kaanga mpaka ule ukali wa thomu mbichi uondoke, kama dakika moja na nusu.

Sasa zamu ya unga wa bizari. Sufuria ina unyevu, joto liko chini, na mafuta bado yapo. Tia, koroga, na ukiona unaanza kushika chini ongeza supu kidogo, robo ya kikombe inatosha. Endelea kukoroga dakika moja au mbili mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni na kung'aa. Mafuta yakijitenga maana yake maji uliyoongeza yameisha, na unga umeshaiva kwenye mafuta. Kabla ya hapo una ladha mbichi, ile inayokaa nyuma ya ulimi kama vumbi.

Wanaopika kwa mkaa wana shida moja ya ziada: mkaa haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe. Ikifika hatua ya bizari nzima na ukaona moto ni mkali, usipigane nao. Epua sufuria, iweke chini, tia bizari, koroga, tia thomu, kisha irudishe. Joto lililobaki kwenye sufuria linatosha kabisa kukaanga bizari.

Vingine ni vya kawaida. Tia nyama na viazi, geuza vishike viungo kwa dakika chache, kisha mimina supu. Kwa mchele wa basmati uliorowekwa nusu saa, vikombe 7 na nusu vya supu vinatosha kwa vikombe 5 vya mchele. Kwa mchele wa Mbeya au Kyela ambao haukurowekwa, elekea vikombe 9, na punguza kidogo kama ni mchele mpya. Supu ikichemka ionje. Iwe na chumvi kupita vile ungependa kuinywa, na iwe na ladha ya viungo iliyozidi kidogo, maana mchele utainyonya na kuipooza. Hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kurekebisha. Ukiona bizari imepungua, ongeza nusu kijiko cha chai cha unga sasa hivi, kwa sababu mchele ukishaingia huwezi tena kukoroga bila kuuvunja.

Tia mchele, acha uchemke bila kufunika mpaka maji yashuke na vitundu vionekane juu, kisha punguza moto, funika na palia makaa juu ya mfuniko kwa dakika 20. Viungo vizima vinaendelea kufanya kazi katika mvuke huo. Vingi hupanda juu ya wali, kwa hiyo ukifunua, kabla ya kugeuza, okota mdalasini na karafuu zinazoonekana. Mgeni anayetafuna karafuu nzima hataisahau pilau yako, ila si kwa sifa.

Mchuzi unakwenda kinyume

Kwenye mchuzi wa kuku au nyama, kazi kubwa ni ya unga, kwa sababu mchuzi wenyewe ndio unaobeba ladha na unga unausaidia kuwa mzito. Kwa kuku mmoja wa kilo 1 na nyanya 3 au 4, vipimo vya kuanzia ni kijiko 1 cha chakula cha bizari ya mchuzi, vijiko 2 vya chai vya giligilani ya unga na nusu kijiko cha chai cha manjano. Vizima viwe vichache: kijiti kimoja kidogo cha mdalasini na iliki 3, vitangulie kwenye mafuta pamoja na vitunguu.

Vitunguu vikilainika na kuanza rangi, tia thomu na tangawizi. Wakati huo changanya viungo vyote vya unga kwenye kibakuli na maji vijiko 3 au 4 vya chakula mpaka viwe uji mzito, kisha mimina uji huo sufuriani. Maji yake yanakupa muda: kwanza yanakauka, halafu unga unaanza kukaanga taratibu. Ukiumimina mkavu kwenye mafuta ya moto, una sekunde kumi na kitu tu, na kama simu inaita au mtoto analia, umeukosa.

Kaanga uji huo dakika 2 hadi 3 mpaka mafuta yajitenge, ndipo tia nyanya. Ukianza na nyanya na kutia unga juu yake, unga utachemka tu bila kukaangika, na mchuzi utabaki na ladha mbichi ya manjano hata ukiupika saa mbili. Kosa hili ndilo hasa linalofanya mchuzi uwe na viungo vyote lakini ukose ladha. Dawa yake ipo: pasha vijiko 2 vya mafuta kwenye kikaango kidogo, punguza moto, chukua mchuzi kijiko kikubwa kimoja uutie humo pamoja na nusu kijiko cha bizari, ukaange mpaka mafuta yajitenge, rudisha yote sufuriani. Mchuzi unaamka.

Mchuzi wa tui unafuata njia hiyohiyo, ila tui zito huingia mwishoni. Usilitumie tui zito kukaangia unga isipokuwa unataka lijitenge kuwa mafuta. Tui jepesi linapikia samaki au kuku, na zito linamalizia.

Uwatu uangaliwe kwa jicho tofauti. Robo kijiko cha chai cha punje nzima kwenye mafuta kinatosha mchuzi mzima, na ziache zibadilike kuwa za dhahabu iliyokolea tu. Zikienda nyekundu au kahawia nzito ni chungu. Wa unga ni mkali zaidi, chukua ncha ya kijiko.

Vinavyoingia mwisho

Baadhi ya viungo vya unga havina kazi mwanzoni kabisa. Garam masala imeshakaangwa kabla ya kusagwa, kwa hiyo haihitaji kuiva, inahitaji tu kutonyimwa harufu yake. Nyunyiza nusu kijiko cha chai kwenye mchuzi wa kilo 1 dakika 5 kabla ya kuepua, funika, halafu zima moto. Ukiitia mwanzoni pamoja na bizari, chakula hakitaharibika, ila umelipia iliki na karafuu ambazo hutazisikia.

Pilipili manga iliyosagwa ina mambo mawili ndani yake: ukali unaobaki hata ukipika muda mrefu, na harufu inayopotea upesi. Ukitaka ukali tu, tia wakati wowote. Ukitaka na harufu, saga papo hapo na utie mwisho. Kungumanga ikwanguliwe juu ya chakula kikiwa kimekaribia kuiva, robo kijiko cha chai kwa sufuria ya watu sita, isizidi. Zafarani ya biriani iroweke kwenye maji ya uvuguvugu au maji ya waridi vijiko 3 kwa dakika 15 au 20, kisha umwagie juu ya wali wakati wa kupanga. Ukiitupa kavu, nyuzi zitabaki nyekundu na wali mweupe.

Chai na mahamri

Chai ya viungo ni mahali pa vizima. Tia mdalasini, iliki zilizopondwa na karafuu mbili kwenye maji baridi, chemsha pamoja, acha vitokote dakika 7 hadi 10 kabla ya majani na maziwa. Vya unga vinatua chini ya kikombe na mdalasini unatoa ute wake. Kama huna kingine ila masala ya chai ya unga, tia dakika ya mwisho na uchuje kwa kitambaa. Tangawizi mbichi ichemke kwenye maji kwanza kabla ya maziwa kuingia, vinginevyo maziwa yanaweza kukatika.

Mahamri na maandazi ni kinyume kabisa. Hakuna supu wala muda wa kiungo kizima kutoa ladha, kwa hiyo iliki iwe ya unga na isagwe siku hiyohiyo. Kwa unga wa ngano kilo 1, vijiko 2 vya chai vya punje za iliki zilizotwangwa, bila maganda, vinatoa harufu inayosikika hata mahamri yakipoa. Maganda usiyatupe, yaweke kwenye kopo la chai.

Ukiwa na umbo moja tu

Mara nyingi mapishi yanasema kizima na wewe una cha unga, au kinyume chake. Badilisha kwa makadirio haya, ukijua kwamba unga uliokaa muda mrefu dukani ni dhaifu kuliko uliosaga jana: karafuu 4 ni kama robo kijiko cha chai cha unga, iliki 6 ni kama kijiko 1 cha chai, kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole ni kama nusu kijiko cha chai, na kijiko 1 cha bizari nzima kinatoa kama robo tatu ya kijiko cha unga. Lakini kwenye supu na wali, ambako kiungo kizima huwa hakitoi vyote kabla ya kuokotwa, anza na nusu ya makadirio hayo kisha uonje.

Wakati nao ubadilike. Ukitia unga badala ya kizima, usiutie mahali palepale pa kizima. Usogeze mpaka baada ya thomu na tangawizi. Pilau masala ya pakiti ni hivyohivyo: kijiko 1 na nusu hadi 2 vya chakula kwa mchele kilo 1, baada ya thomu, pamoja na supu kidogo, kamwe si kwenye mafuta matupu.

Kusaga nyumbani na kutunza

Saga kidogo, cha wiki mbili au tatu. Bizari na giligilani zikaangwe kavu kabla, kila moja peke yake, kwa sababu giligilani ni kubwa na inachelewa. Ukizichanganya, bizari inaungua wakati giligilani bado mbichi. Moto uwe mdogo, kikaango kitikiswe, na dakika 2 hadi 4 zinatosha. Zikianza kunukia na kuwa na joto lisiloshikika, zimwage kwenye sahani. Ukiziacha kwenye kikaango baada ya kuzima moto zinaendelea kuiva.

Ziache zipoe kabisa kabla ya kusaga. Kiungo chenye joto hutoa mvuke ndani ya mashine, unga unashikana mabonge, na ukiufungia kwenye chupa hivyo unaweza kuota ukungu. Mdalasini uvunjevunje kwa mchi kwanza, usije ukavunja kisu cha mashine. Chekecha, na makapi yarudishe kwenye kinu.

Kabla ya kununua vizima, vijaribu. Bonyeza kichwa cha karafuu kwa ukucha: iliyo nzuri inaacha mafuta kidogo. Ukiitia kwenye glasi ya maji inazama au inasimama wima, na iliyokwisha mafuta inalala juu ya maji. Iliki ifungue: punje za ndani ziwe nyeusi na zinanata, zikiwa za kijivu na kavu achana nazo. Bizari isugue viganjani, ikikulazimu kuvuta pumzi mara mbili ndipo usikie harufu, imechoka.

Vizima vikikaa kwenye chupa iliyofungwa vizuri, mahali pakavu pasipo mwanga, vinadumu mwaka hadi miwili bila shida kubwa. Vya unga vihesabie miezi sita, na vilivyosagwa nyumbani pungufu ya hapo. Rafu iliyo juu ya jiko, ambako wengi huweka makopo ya viungo, ndiyo mbaya kuliko zote: joto linaondoa harufu na mvuke wa sufuria unaingia kila ukifungua kopo. Usinyunyize pia kutoka kwenye kopo moja kwa moja juu ya sufuria inayochemka. Chota kwa kijiko kikavu.

Kikiharibika

Unga ukiungua, mwaga. Utaujua kwa rangi inayokaribia nyeusi, moshi mwembamba unaokwaruza koo, na uchungu ukionja kwa ncha ya kijiko. Watu humimina maji au nyanya haraka wakidhani wataokoa, lakini uchungu umeshaingia kwenye mafuta na mafuta yatazunguka chakula kizima. Osha sufuria, anza na mafuta mapya. Ukiwa hujatia nyama, hasara ni vitunguu na dakika ishirini.

Ukisahau bizari nzima kabisa na pilau imeshaiva, pasha vijiko 2 vya mafuta kwenye kikaango kidogo, tia kijiko kimoja cha punje, zikibadilika rangi mwagia juu ya wali, funika dakika 5 kisha geuza. Haitakuwa sawa na iliyoingia kwenye supu, lakini mlaji atasikia bizari. Usinyunyize unga mkavu juu ya wali ulioiva, utakaa juu kama vumbi na kila kijiko kitakuwa na ladha yake.

Karafuu zikizidi kwenye supu kabla ya mchele, ziokote na ongeza maji na viazi, kisha uongeze chumvi. Zikizidi zikiwa za unga, gawa supu: nusu iweke kwa siku nyingine, na nusu iliyobaki ijazie kwa maji. Pika pilau kwa hiyo.